Kuandika maneno ya ubavuni mwa taksi vile yalivyopakwa, herufi kwa herufi

Watu wa steji zingine wameniuliza mara nyingi vile tunaweka ile shiti yetu ya Google Sheets ya maneno ya taksi hapa Busia, upande wa Uganda, na kila mara naishia kueleza kwa simu mpaka eataimu inaisha, kwa hiyo leo naandika yote mara moja. Taksi ninazosema ni zile Haisi za abiria 14, nyeupe, zenye ule mkanda wa viboksi vya bluu katikati. Ng'ambo ya mpaka matatu zina mkanda wa manjano na njia imeandikwa hapo hapo kwa mpangilio, lakini huku kwetu kila mchoraji anaandika vile anajua na pale anapata nafasi.

Kwanza kwa nini tunajisumbua. Abiria akisahau mzigo hakumbuki namba ya gari hata siku moja, anakuja kwa steji anasema "ile taksi imeandikwa Mukama Yamba". Sawa mama, lakini hapa kwetu ziko mbili:

```
MUKAMA YAMBA
Mukama Yamba
```

Ya kwanza ni herufi kubwa zote, nyekundu, inaenda Mbale kupitia Tororo. Ya pili inaanza na kubwa halafu ndogo, ya bluu, inaenda Jinja. Ukiandika zote sawa kwa shiti umeharibu kazi, maana kitu pekee mama aliona kwa macho yake ni umbo la yale maandishi. Ukimuuliza "zilikuwa herufi kubwa zote ama zimechanganyika?" atakujibu bila kufikiri, halafu ukimuuliza rangi ndio umemaliza.

Piga picha kwanza, na mlango ufungwe

Usiandike ukiwa umesimama pale, gari linajaa na kuondoka kabla hujafika neno la tatu. Piga picha uandike baadaye. Omba ruhusa, konda akiona simu imeelekezwa kwa gari anafikiria ushuru au polisi. Mimi huwa nasema tu "Boss, habari ya kazi, ni ile orodha ya mizigo iliyopotea," na siku hizi wenyewe wananiita, "Kaka, mimi hujaniandika, nimepaka mpya!"

Sasa hapa kwa mlango ndio nataka usome pole pole kwa sababu ndipo nilipoaibika. Mlango wa kuvuta wa Haisi uko kushoto, na ukifunguliwa unarudi nyuma na kulala juu ya ubavu wa nyuma wa gari. Taksi ikiwa steji mlango uko wazi karibu muda wote. Kama mchoraji ameandika nusu ya njia kwa mlango na nusu kwa ubavu wa nyuma, mlango ukiwa wazi unafunika ile nusu ya pili kabisa, na kinachobaki kinasomeka vizuri tu kama kitu kizima. Hutashtuka.

Mimi niliandika gari moja hivi:

```
BUSiA - BUGiRi
```

Nikaridhika. Baada ya kama wiki mbili mama mmoja akaja analia na gunia lake la mukene, yaani dagaa, alilosahau kwa gari lililompeleka Jinja, anakumbuka "i" zenye nukta ndani ya herufi kubwa, tukatafuta kwa shiti, hiyo gari nimeiandika ya Bugiri, basi tukaiacha tukaanza kupigia madereva wa Jinja mmoja mmoja. Gunia lilikuwa kwa hiyo hiyo gari siku nzima. Nilipoenda kuitazama na mlango umefungwa, nyuma yake kumbe kuna Jinja na K'LA, yaani Kampala:

```
BUSiA - BUGiRi - JiNJA - K'LA
```

Kwa hiyo mwambie konda afunge mlango, sekunde kumi tu. Kama kuna mtu anapanda, ngoja. Kuna njia ya kujua kwa picha tu kama umedanganywa: tazama ule mkanda wa bluu. Mlango ukiwa umefungwa mkanda unapita mstari mmoja kutoka mbele hadi nyuma, ukiwa wazi mkanda wa mlangoni umetokeza nje kidogo na pale katikati kuna shimo la viti. Picha ikiwa na shimo, rudia.

Piga picha tatu kila upande: moja ya ubavu mzima ukisimama mbali hatua kama sita na ukiwa umenyooka na katikati ya gari, halafu moja ya nusu ya mbele na moja ya nusu ya nyuma ukisogea karibu. Ukipiga kwa kona herufi za mwisho zinabanana na utashindwa kujua kama pale kuna nafasi au hakuna. Saa sita mchana rangi nyeupe inarudisha jua kwa kamera na herufi za manjano zinapotea kabisa, asubuhi ni bora, au upande wenye kivuli. Upande wa kulia piga pia hata kama dereva anakwambia "ni sawa tu na ule". Si sawa. Umepakwa siku hiyo hiyo na mtu huyo huyo lakini mkono haurudii, na kuna gari hapa kushoto imeandika `JINJA` na kulia `JJINJA`.

Zima vitu vya simu vinavyokusahihisha

Hii ni kabla hujaandika herufi moja. Kibodi ya simu inafikiri unakosea. Siku moja niliandika `Webale` ikanigeuzia `Wembley`, nikapeleka hivyo kwa grupu, bado wananicheka mpaka leo.

Kwa Android wenye Gboard, ingia kwa mipangilio ya kibodi, tafuta `Text correction` (kwa simu zingine imeandikwa `Corrections & suggestions`), halafu zima `Auto-correction`, `Auto-capitalization` na `Double-space period`. Kwa iPhone ni `Settings`, `General`, `Keyboard`, na huko zima `Auto-Correction`, `Auto-Capitalization` na hasa `Smart Punctuation`. Hiyo ya mwisho watu wanaisahau. Ndiyo inayochukua kiapostrofi kilichonyooka na kukipinda, sasa `K'LA` ya simu yako na `K’LA` ya simu ya mwenzako zinaonekana sawa kwa macho lakini kompyuta inaziona maneno mawili, ukitafuta moja nyingine haiji. Sisi tulikubaliana kutumia kilichonyooka, basi.

Ukiandikia kwa Word kuna kingine, kinapunguza herufi kubwa mbili za mwanzo wa neno kuwa moja. Ukikutana na gari imeandikwa `GOd` itakubadilishia hapo hapo bila kukwambia. Ndio maana sisi tunaandikia moja kwa moja kwa Google Sheets. Hata huko, chagua kolamu nzima kwanza kisha `Format`, `Number`, `Plain text`, kwa sababu kuna taksi imeandikwa `24/7` nyuma na shiti inaweza kuifanya tarehe 24 mwezi wa saba.

Kuandika kwenyewe

Kolamu A tunaweka namba yetu wenyewe ya gari, B ni maneno vile yalivyopakwa, C ni ya kutafutia, D ni maelezo. Namba ya plate iko kwa kitabu cha mwenyekiti wa steji, sisi hatuiweki kwa shiti maana shiti inatembea kwa simu za watu wengi. Namba ya simu ikiwa imepakwa kwa gari, kwa B naandika `[simu]` tu.

Kwa B sheria ni moja, andika kinachoonekana. Si kile mchoraji alitaka kusema, si kile kamusi inasema. Karibu kila taksi kuna mahali pameandikwa idadi ya abiria inayoruhusiwa, na hapo ndipo mkono wako utawashwa kurekebisha:

```
LISENCED TO CARRY
14 PASSANGERS
```

Iache hivyo. Kwa Kiganda pia. Wanaojua kuandika Kiganda vizuri watakwambia ni `Weebale` kwa `e` mbili, na ni kweli, lakini gari imeandika `WEBALE` na abiria aliona `WEBALE`. Majina ya mahali ndio zaidi, `Nateete` na `Natete`, `Luweero` na `Luwero`, zote utazikuta zimepakwa na zote watu wanaandika. Tena wako wanaochanganya `L` na `R`, gari moja `KALERWE` nyingine `KALELWE`. Sijui kwa nini ila vidole vyangu vinaandika sahihi vyenyewe hata nikiangalia kosa, kwa hiyo neno refu kama `BWEYOGERERE` mimi nalisoma kwa picha silabi moja, naandika silabi moja, narudi kwa picha. Ukisoma neno zima kichwa chako kinajaza.

Herufi kubwa na ndogo ndio kazi yenyewe. Wachoraji wetu wanapenda sana kuweka `i` yenye nukta katikati ya herufi kubwa, hata ikiwa ndefu sawa na wenzake. Ikiwa na nukta ni ndogo, iandike ndogo, `BUSiA`. Usiangalie urefu hapo, nukta imeshasema. Shida inakuja kwa zile herufi ambazo kubwa na ndogo zina umbo moja: C, O, S, V, W, X, Z. Hizo ndio unapima urefu kwa jirani. Kama `o` inafika juu sawa na `B` iliyo pembeni yake ni kubwa, kama inafika kiunoni mwa `B` ni ndogo. Kama neno zima lina herufi za aina hiyo tu na hakuna jirani wa kupimia, angalia neno lililo mstari huo huo. Na kama bado huna uhakika andika kubwa, na kwa D useme "saizi haieleweki". Hayo ni makubaliano yetu tu, nyinyi mnaweza kusema ndogo, mradi wote mfanye moja.

`N` iliyogeuzwa kama kwenye kioo utaiona sana, inatokea stensili ikiwekwa kinyume. Andika `N` ya kawaida halafu D useme "N ya pili imegeuka". Kijana mmoja wetu alitafuta herufi ya Kirusi inayofanana akaibandika, ikawa nzuri kwa macho lakini tangu siku hiyo hiyo gari haikutokea kwa kutafuta, tulihangaika mpaka nikaifuta na kuandika upya.

Nafasi nazo. Ule mwanya wa mlango unakata maneno, unaweza kuona `BUG` kwa mlango na `iRi` baada ya mwanya. Huo si mwisho wa neno, mchoraji aliruka tu chuma. Halafu kuna wale wanaonyoosha neno lijaze ubavu, `M U N G U` imeenea mita nzima. Pima: nafasi kati ya herufi na herufi ikiwa inalingana neno zima, hilo ni neno moja, andika `MUNGU` na D useme "imenyooshwa". Lakini kama gari imeandikwa `MUKAMAYAMBA` imeshikana, nawe ishikanishe. Kwa vistari vya njia naangalia kama kuna nafasi ya herufi moja pande zote mbili, ikiwepo naandika `BUSIA - TORORO`, isipokuwepo `BUSIA-TORORO`. Kistari kirefu au kifupi sijali, rangi ni brashi.

Mstari ukiisha na maneno yakaendelea chini, naweka `|` yenye nafasi pande zote. Zamani tulitumia mkwaju, halafu tukakuta gari imejipaka mkwaju yenyewe, `BUSIA/MAJANJI`, tukachanganyikiwa. `|` sijaona mchoraji akiipaka bado.

Herufi isiyosomeka, kama imekwanguka au iko juu ya kiboksi cha bluu na yenyewe ni ya bluu, naweka `[?]` kwa kila herufi moja. Kama sijui ni ngapi, `[...]`. Usijaze kwa kukisia hata kama kila mtu anajua ni nini. `TOR[?]RO` ni Tororo ndiyo, lakini labda walipaka `TORARO`, nani ajue. Vumbi la murami si kisingizio, chukua kitambaa, mwambie konda, pangusa. Nyota, moyo, msalaba, mwezi, hizo naweka `*` mahali zilipo na kwa D nasema ni nini.

Ile gari ya mukene, nzima

Hivi ndivyo iko kwa shiti sasa, upande wa kushoto, kutoka mbele kwenda nyuma na kutoka juu kwenda chini:

```
LISENCED TO CARRY | 14 PASSANGERS
Webale MUKAMA *
BUSiA - BUGiRi - JiNJA - K'LA
```

Kila kundi la maandishi lina laini yake, lakini namba ya gari kwa A inarudiwa ileile. Kwa D nimeandika: ya kwanza mlango wa mbele, nyeusi, ndogo. Ya pili juu ya madirisha, nyekundu, nyota ya manjano mwishoni. Ya tatu mlango wa kuvuta na ubavu wa nyuma, `i` zote nne zina nukta, mwanya unakata kati ya `BUGiRi` na `- JiNJA`. Kulia iko na namba hiyo hiyo lakini laini zake tatu, na huko wameandika `KLA` bila kiapostrofi.

Kolamu ya kutafutia

Utasema sasa kama kila kitu kimeandikwa na makosa yake, mtu akitafuta ataipataje? Ndio maana ya C. B usiguse. C inajitengeneza yenyewe kwa kufanya zote ndogo na kutoa viapostrofi na nafasi (C usiiweke `Plain text`, ukiiweka fomula haitafanya kazi, itabaki maandishi):

```
=LOWER(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2,"'","")," ",""))
```

Kwa hiyo `K'LA` na `KLA` zote zinakuwa `kla`, na `MUKAMA YAMBA`, `Mukama Yamba` na `MUKAMAYAMBA` zote zinakuwa `mukamayamba`. Mama akitaja neno unaanzia C, inakuletea magari yote yenye neno hilo, kisha unamuuliza umbo na rangi, unachagua kwa B na D. Makosa ya tahajia haiyatatui hiyo fomula, `passangers` itabaki hivyo, lakini hakuna anayekumbuka gari kwa neno hilo. Kwa majina ya njia mimi naongeza jina la kawaida kwa D, "Tororo", "Kampala", inatosha.

Ukitaka kinyume chake, yaani ile yenye herufi kubwa zote peke yake, kutafuta kwa kawaida hakutofautishi kubwa na ndogo. Kwa `Find and replace` weka tiki kwa `Match case`, au andika hii kwa shiti nyingine ya faili hiyo hiyo, badala ya `Taksi` ukiweka jina la shiti yako:

```
=FILTER(Taksi!A2:D, EXACT(Taksi!B2:B, "MUKAMA YAMBA"))
```

Kuhakiki

Aliyeandika asihakiki mwenyewe. Mimi nashika picha, mwenzangu anasoma shiti kwa sauti kutoka nyuma kwenda mbele, "A, L, kiapostrofi, K, zote kubwa", maana ukisoma mbele unasoma neno, ukisoma nyuma unasoma herufi. Gari moja ni kama dakika mbili tukiwa hatupigi stori. Makosa tunayokamata mara nyingi ni `O` na `0` na pia `I` kubwa na `1`, hasa kwa `14`, kuna mtu aliandika `I4` na kwa skrini ya simu huoni kabisa.

Na gari ikipakwa upya, ile laini ya zamani usiifute. Ongeza mpya chini yake kwa namba ile ile ya gari na kwa D weka tarehe uliyoiona, kwa sababu mtu aliyesahau mzigo Jumatatu atakutajia maneno ya Jumatatu, na Jumatano mchoraji ameshapita na brashi.